Kumtambulisha mfadhili siku ya kufungua maktaba ya shule: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya walimu wakuu, wakuu wa shule, kamati na bodi za shule, pamoja na washereheshaji wanaopewa kazi ya kusimama mbele ya wazazi na wanafunzi na kumtaja aliyetoa vitabu, rafu au fedha. Mifano mingi imejengwa juu ya hafla ya shule ya serikali Tanzania, yenye mgeni rasmi, risala, kukata utepe na neno la shukrani. Kwa Kenya, panapotajwa kamati ya shule soma Bodi ya Usimamizi.

Kutambulisha na kutangaza vinaachana wapi hasa?

Vinaachana kwenye kitu kinachosemwa. Utambulisho unaeleza alichofanya mfadhili katika shule hii, na tangazo linaeleza anachouza mahali pengine. Ukisema “benki hii imetupatia rafu 8”, msikilizaji anaweza kugeuza shingo akazihesabu. Ukisema “benki hii ina mikopo yenye riba nafuu”, hakuna kitu chumbani humo cha kumwonesha, na yeye hakuja kusikia habari za riba.

Kipimo rahisi wakati wa kuandika ni kuchukua kila sentensi na kujiuliza kama unaweza kuioneshea kidole ndani ya maktaba au kwenye makaratasi ya makabidhiano. Sentensi isiyooneshwa kwa kidole ifutwe. Kipimo hiki huondoa karibu kila kitu chenye harufu ya biashara: “kampuni inayoongoza”, “wenye matawi nchi nzima”, “wanaojali jamii”. Hata hilo la mwisho, ingawa linasikika kama shukrani, ni sifa ambayo shule haiwezi kuithibitisha. Shule inajua vitabu vilivyofika. Tabia ya kampuni nzima haiijui.

Tumwite mfadhili, mhisani, mdhamini au mdau?

Neno litokane na alichofanya. Aliyetoa vitabu au fedha bila kudai kitu ni mfadhili au mhisani. Mdhamini ni neno la mkataba: amelipia hafla au shughuli na kwa malipo hayo ameahidiwa kitu, kwa kawaida kutajwa jina au kuwekewa bango. Mkimwita mdhamini mtu aliyetoa vitabu tu, mnampa haki ambayo hakuiomba, na mwakani ofisi yake inaweza kuidai. “Mdau” ni pana mno. Linafaa pale mnapowataja wengi kwa pamoja, lakini aliyeleta vitabu 1,200 anastahili neno linaloonesha kwamba ametoa.

Kampuni hiyohiyo inaweza kuwa mfadhili wa maktaba na mdhamini wa hafla, kwa mfano ikitoa vitabu na pia kulipia mahema na vipaza sauti. Vitajwe mbalimbali. Mahema yatajwe mwishoni kwenye neno la shukrani, kwa sentensi moja. Yakichanganywa na vitabu, wazazi hubaki wakidhani shughuli yote ni ya kampuni.

Na kuhusu heshima: “Mheshimiwa” ni ya viongozi wa siasa na serikali, kama mbunge, diwani au mkuu wa wilaya. Meneja wa tawi anaitwa Bwana, Bi. au Ndugu, pamoja na cheo chake. Kumpandisha uheshimiwa meneja mbele ya mkuu wa wilaya ni kosa la itifaki, na kwa wasikilizaji huonekana kama kujipendekeza.

Nani amtambulishe?

Aliyepokea. Kwa shule ya msingi ni mwenyekiti wa kamati ya shule au mwalimu mkuu. Kwa sekondari ni mkuu wa shule au mwenyekiti wa bodi. Mshereheshaji amkaribishe huyo, kisha anyamaze. Sababu ni kwamba mshereheshaji amezoea kupamba. Kazi yake harusini ni kupandisha shangwe, na akipewa jina la kampuni atalipandisha vilevile: atalirudia, ataomba “makofi ya kilo”, atatia na kaulimbiu aliyoisikia redioni. Hafanyi hivyo kwa nia mbaya. Ni desturi ya kazi yake.

Hatari huongezeka pale mshereheshaji anapokuwa amelipwa na mfadhili. Hilo likitokea, mpeni ratiba iliyoandikwa inayoonesha ni dakika zipi anazungumza na zipi anampisha mwenyekiti, na mkubaliane naye siku moja kabla. Asubuhi ya hafla hakuna mwenye nafasi ya kusikilizana.

Akae wapi kwenye ratiba?

Baada ya risala ya shule na kabla ya hotuba ya mgeni rasmi. Risala ndiyo inayoeleza historia ya chumba, mahitaji na michango ya wote, kwa hiyo jina la mfadhili likija baada yake huwa limeshapata mahali pa kukaa. Likitangulia, risala nzima husikika kama maelezo ya kampuni.

Jina la taasisi lisikike mara tatu tu siku nzima: katika utambulisho wa wageni pale mwanzo, katika utambulisho wake kamili kabla ya kuzungumza, na katika neno la shukrani. Mgeni rasmi akilitaja pia, hiyo ni yake. Mgeni rasmi ndiye msemaji mkuu wa mwisho, na baada yake hubaki neno fupi la shukrani tu. Mfadhili asipangiwe kuzungumza baada yake hata kama amechelewa kufika.

Utambulisho wenyewe uwe na nini, na uchukue muda gani?

Dakika moja, isizidi moja na nusu. Kwa mwendo wa kusoma mbele ya watu, hayo ni maneno 100 hadi 150 ya Kiswahili. Ndani yake muwe na hali ya chumba kabla ya msaada, waliochangia wengine, ombi lilivyokwenda, kilichopokelewa kwa hesabu, nani atakitunza, na mwisho jina la mtu anayekaribishwa kuzungumza.

Mpangilio huo una maana yake. Jina la mtu likija mwisho, makofi yanapigwa anaposimama, na hotuba inaanza. Likija mwanzo, makofi hupigwa kwanza, kisha maelezo yote hupotea ndani ya minong’ono.

Tuchukue shule ya msingi ambako darasa la zamani limegeuzwa maktaba. Wazazi wameleta mchanga na kulipa mafundi, halmashauri imetoa saruji na mabati, na benki imetoa vitabu na samani. Mwenyekiti anasoma hivi:

“Ndugu mgeni rasmi, wazazi na wanafunzi. Hadi mwaka jana chumba hiki kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Wazazi walileta mchanga na kulipa mafundi, halmashauri ikatupa saruji na mabati. Tulichokosa ni vitabu na mahali pa kuviweka. Mwezi Februari kamati ya shule iliandika barua kwa Benki ya (jina), tawi la (mahali), na mwezi Juni tulipokea vitabu 1,200, rafu 8 za chuma, meza 6 na viti 36. Vitabu 700 ni vya kiada na ziada, na 500 ni vya hadithi. Kila kitabu kimeandikwa kwenye daftari la maktaba, na mwalimu wa maktaba ndiye atakayevitunza. Aliyesimamia msaada huu kwa niaba ya benki ni Bi. (jina), meneja wa tawi. Bi. (jina), karibu mbele uwasalimie wanafunzi.”

Benki imetajwa kwa jina mara moja, na hakuna aliyetoka pale bila kujua imefanya nini. Angalia pia kwamba ombi limetoka shuleni: “kamati iliandika barua”. Sentensi hiyo ndogo humwonesha mzazi kwamba shule ilijua inachokitaka, na mfadhili ameitikia. Ikiachwa, msaada huonekana umedondoka kutoka juu, na hapo lugha ya “wameona umuhimu wa elimu” huanza kuingia. Sentensi ya mwisho nayo imechaguliwa. Anayekaribishwa “kuwasalimia wanafunzi” anajua anazungumza na nani. Anayekaribishwa “kutueleza zaidi kuhusu taasisi yake” ameruhusiwa kuuza.

Ofisi ya uhusiano ya kampuni imetutumia maandishi ya kusoma. Tukatae?

Msikatae. Chukueni ukweli uliomo na muandike upya. Maandishi hayo kwa kawaida huwa yametungwa kwa ajili ya vyombo vya habari, na huja katika sura kama hii:

“Kampuni ya (jina), kinara wa huduma za mawasiliano nchini, kupitia mpango wake kabambe wa kurudisha kwa jamii, imejenga maktaba ya kisasa yenye thamani ya shilingi milioni 30 ili kuwawezesha vijana kufikia ndoto zao.”

Ukiipitisha kwenye kipimo cha kidole, “kinara” inaondoka, “kabambe” inaondoka, na ndoto za vijana hazina pa kuoneshwa. “Imejenga maktaba” si kweli kama kuta zilikuwepo na wazazi ndio waliozikarabati. “Ya kisasa” haielezi kitu. Kinachobaki ni jina, fedha na vitu vilivyotolewa, ambavyo maandishi hayo hayakuvitaja. Basi mnauliza vilikuwa vingapi, mnaandika: “Kampuni ya (jina) ilitoa vitabu, rafu na kompyuta 4 zilizomo humu”, na mnawarudishia wasome walau siku 3 kabla ya hafla.

Warudishieni kwa barua au ujumbe wenye sababu: kwamba hafla ni ya shule, wasikilizaji wengi ni watoto, na mnaomba habari zinazohusu maktaba. Maofisa uhusiano wengi hulikubali hilo, kwa kuwa taarifa yao kwa vyombo vya habari wanayo na wanaweza kuitoa kwa jina lao wenyewe. Ugomvi huzuka pale wanapogundua mabadiliko wakiwa wameshakaa meza kuu.

Kaulimbiu yao je? Ni maneno machache tu.

Isisomwe na mtu wa shule. Kaulimbiu imetungwa ili ikae kichwani, na mtoto anayeisikia kinywani mwa mwalimu wake huipokea kama neno la mwalimu. Mwakilishi wa kampuni akiitamka mwenyewe mara moja mwishoni mwa salamu zake, msimzuie.

Tutaje thamani ya fedha?

Tajeni vitu kwanza. Fedha zitajwe tu kama zimeandikwa kwenye hati ya makabidhiano na mnaweza kuonesha zilivyotumika. “Thamani ya” ni kauli ya kuangalia sana, maana thamani huweza kuwa bei ya dukani, bei ya jumla au makisio ya mtoaji, na huenda imejumuisha usafiri, mabango na hata chakula cha siku ile. Shule ikiyasema makisio hayo kwenye kipaza sauti, inakuwa imeyathibitisha.

Kuna jambo jingine linalokosewa zaidi, na linaumiza. Jengo la maktaba katika shule zetu mara nyingi limesimama kwa nguvu za wananchi: mawe, kokoto, maji ya kuchanganyia, siku za kazi. Michango hiyo haiji na hundi. Mfadhili akitajwa kwa mamilioni na wazazi wakatajwa kwa “pia tunawashukuru wananchi”, mzazi aliyebeba mchanga anakaa pale anasikia kazi yake imekuwa ya mtu mwingine. Mkutano wa michango unaofuata hamtamwona. Kwa hiyo hesabuni mchango wao kwa vipimo vilevile: tripu ngapi za mchanga, siku ngapi za mafundi, fedha zilizochangwa. Muutaje kabla ya mfadhili, kama ilivyo kwenye mfano wa juu. Mtendaji wa kijiji au wa mtaa huwa na kumbukumbu hizi. Mwombeni wiki 2 kabla, kwa kuwa daftari lake mara nyingi linahitaji kukaguliwa.

Mfano wa hundi, ule ubao mkubwa wa kupigia picha, usiingizwe ndani ya maktaba. Una mambo mawili tu, jina na fedha, na ukishasimamishwa mbele ya rafu huziba kila kitu mlichotaka watu wakione. Kama lazima utumike, upigiwe picha nje kabla ya ratiba kuanza.

Idadi ya vitabu tuitoe wapi?

Kwenye daftari la maktaba, baada ya kuchambua. Hati ya makabidhiano inasema vilivyoshushwa kwenye gari, na humo huweza kuwamo vitabu vilivyochanika, vya mtaala uliokwishaondolewa, nakala 60 za kitabu kimoja ambacho hakuna darasa linalokitumia, au vitabu vya chuo kikuu vilivyoletwa shule ya msingi. Kama vimeshushwa 1,500 na mmeandikisha 1,200, tajeni 1,200. Mkitaja 1,500, mwalimu wa maktaba ndiye atakayeulizwa na mkaguzi vitabu 300 vimekwenda wapi.

Mfadhili aelezwe mapema, faraghani, kwa orodha: hivi vimeandikishwa, hivi havikufaa na sababu ni hii. Asije akaisikia tofauti kwa mara ya kwanza mbele ya hadhara.

Wafadhili wako watano. Tunawapangaje?

Wapangeni kwa vitu walivyotoa, kufuata njia ambayo mgeni ataipita ndani ya chumba: jengo, umeme na taa, rafu, vitabu, kompyuta. Kwa njia hiyo hakuna anayetangulia kwa sababu ya ukubwa wa hundi, na wasikilizaji wanafuata kwa urahisi. Kila mmoja apewe sentensi moja, na azungumze mmoja kwa niaba ya wote. Wachague wenyewe msemaji wao walau siku 2 kabla. Wasipokubaliana, azungumze mwenyekiti wa kamati kwa niaba yao, na wao wasimame tu waonekane. Watano wakizungumza dakika 5 kila mmoja ni dakika 25, na watoto waliokaa juani hawawezi kuzivumilia.

Wanafunzi wanaweza kuimba au kutoa ngonjera ya kumshukuru?

Wanaweza, ila ngonjera iwe juu ya vitabu na kusoma. Jina la kampuni lisiwe kibwagizo. Mtoto hajachagua kumsifu mtu huyo, na shairi analolikariri kwa wiki 2 za mazoezi hukaa naye kwa muda mrefu. Shukrani nzuri zaidi kwa mfadhili ni mwanafunzi kusoma kwa sauti aya moja kutoka kwenye kitabu kilicholetwa. Inachukua dakika moja, na mfadhili anakiona kitabu chake kikifanya kazi.

Fulana na kofia zenye nembo wasivalishwe. Sare ya shule inatosha. Kampuni ikija nazo zimeshachapwa, wavae wafanyakazi wake.

Picha zina sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha ya mtoto akiwa ameshika kitabu mbele ya bango la kampuni ni picha ya biashara hata kama ilipigwa kwenye hafla ya shule. Idhini ya mzazi iwe ya maandishi na iseme wazi picha itatumika wapi. Mwanafunzi ambaye mzazi wake hakusaini akae upande usiopigwa picha, na asifukuzwe kwenye hafla.

Mabango, nembo na kibao cha ukumbusho vikae wapi?

Bango la kusimama ni moja kwa kila mfadhili, nje, karibu na meza ya kupokelea wageni, na liondoke hafla ikiisha. Nyuma ya meza kuu pawe na jina la shule na tukio. Mpiga picha atailenga meza hiyo siku nzima, kwa hiyo kilichoandikwa nyuma yake ndicho kitakachoonekana kwenye kila picha.

Ndani ya maktaba pasiwe na nembo ukutani. Hafla ni ya saa 2, lakini ukuta utasomwa na mtoto kila siku kwa miaka yake yote shuleni. Kumbukumbu ya kudumu ni kibao kimoja kando ya mlango, maandishi ya rangi moja, majina ya wote kwa ukubwa mmoja wa herufi. Kwa mfano:

“Maktaba hii ilifunguliwa tarehe (tarehe) na (cheo na jina la mgeni rasmi). Ilijengwa kwa nguvu za wananchi wa (kijiji) na Halmashauri ya Wilaya ya (jina). Vitabu na samani vilitolewa na (jina).”

Someni maneno hayo mara mbili kabla ya fundi kuchonga, na mthibitishe jina la mgeni rasmi na ofisi yake. Viongozi huhamishwa au kutuma mwakilishi dakika za mwisho, na jiwe likishachongwa halifutiki. Wengine huchonga baada ya ofisi ya mgeni kuthibitisha kwa simu siku 2 kabla, na nafasi ya jina huachwa hadi hapo.

Ndani ya jalada la kila kitabu mnaweza kupiga muhuri wa shule pamoja na namba ya kitabu, na chini yake maneno “Zawadi ya (jina)”. Hiyo ni desturi ya kawaida ya maktaba, na husaidia hata kufuatilia chanzo cha kitabu.

Mfadhili ameshika maiki na ameanza kuuza. Tumzuieje?

Kazi kubwa ifanyike kabla. Barua ya mwaliko itaje dakika zake, kwa mfano 4, na mada: salamu kwa wanafunzi na maneno kuhusu msaada uliotolewa. Mtu aliyepewa mada ana kitu cha kusema. Aliyeambiwa “utasema chochote” hurudia anachokisema kila siku kazini.

Akianza kutaja bidhaa, subirini amalize sentensi. Msikate sauti wala kupiga muziki, hiyo ni kumvunjia heshima mgeni. Mwenyekiti asogee taratibu asimame hatua chache pembeni yake. Wengi huelewa. Akiendelea, mwenyekiti aseme: “Tunakushukuru sana Bi. (jina). Wanafunzi wetu wana hamu ya kukuonesha rafu, tutaomba tukusindikize.” Anarudishwa kwenye kitu alichokitoa, na hakuna aliyeaibika.

Kufungua akaunti za watoto au kuuza laini za simu uwanjani siku hiyo kusiruhusiwe hata kwa meza ndogo pembeni. Mzazi aliyetoka kusikia kwamba benki imewapa watoto vitabu huona ni utovu wa shukrani kukataa fomu yake. Kampuni ikitaka kuzungumza na wazazi kuhusu huduma zake, iombe siku nyingine kupitia kamati, mahali ambapo mzazi anaweza kuondoka bila kuonwa vibaya.

Kampuni ya sigara, pombe au kamari ikitoa vitabu?

Swali hilo lijibiwe kabla ya kupokea, maana siku ya ufunguzi mmeshachelewa. Kwa tumbaku jibu liko wazi kimataifa. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, unazungumzia matangazo na udhamini wa tumbaku katika ibara ya 13, na miongozo ya ibara hiyo inahesabu misaada ya kijamii ya kampuni za tumbaku kuwa ni aina ya udhamini. Kwa hiyo hakuna maneno ya utambulisho yanayoweza kuisafisha zawadi hiyo.

Kwa pombe na kamari, peleka suala kwa ofisa elimu wa wilaya kwa barua na usubiri jibu la maandishi. Kwa maoni yetu, jina ambalo huwezi kulitamka mbele ya darasa la tatu bila mtoto kukuuliza “wanauza nini?” halifai kuwekwa kwenye mlango wa maktaba.

Mgeni rasmi akiisifu kampuni kupita kiasi?

Huwezi kumrekebisha jukwaani, lakini unaweza kumwandalia. Hotuba nyingi za viongozi hutokana na taarifa fupi iliyotumwa na shule kwenda ofisini kwao. Itumeni siku 7 kabla, ukurasa mmoja, ikiwa na michango yote kwa hesabu. Msipoituma, mwandishi wa hotuba ataitumia ile ya kampuni.

Mfadhili ni mtu binafsi na hataki kutajwa.

Hutokea sana Zanzibar na mwambao, ambako aliyeko Maskat au Uingereza huleta mchango kwa shule aliyosoma na kutaka uhesabiwe sadaka. Mheshimuni kikamilifu. Semeni: “Vitabu hivi vimetolewa na mtu aliyesoma shule hii na ameomba jina lake lisitajwe.” Msitoe dalili, kama vile “kijana wetu wa Maskat” au “mtoto wa mzee fulani”, maana kwenye kijiji dalili mbili zinatosha kumfichua. Hakikisheni mshereheshaji na mgeni rasmi hawana jina hilo kwenye karatasi zao. Kwenye hesabu za shule lazima jina liwepo kwa ajili ya ukaguzi. Likae kwenye jalada kwa mwalimu mkuu.

Tumekwishakosea jukwaani: tumesema “wamejenga” kumbe walitoa vitabu, au tumemsahau mmoja.

Sahihisheni siku hiyohiyo katika neno la shukrani, kwa sentensi moja na bila kujieleza: “Naomba nisahihishe: jengo hili limejengwa na wananchi pamoja na halmashauri, kampuni ilitoa vitabu na rafu.” Aliyesahaulika atajwe kwa mchango wake na aombwe asimame. Kama hafla imeshakwisha, andikeni barua kwa aliyekosewa, nakala kwa mfadhili na kwa ofisa elimu kata, na mrekebishe taarifa ya hafla kabla haijabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Mwandishi wa habari aliyekuwepo apigiwe simu jioni hiyo, kabla habari haijatoka.